Superantijeni: sumu inayoamsha seli T bila kuuliza adui ni nani

Seli T, askari wakuu wa kinga ya mwili, haziamki ovyo. Kwanza seli nyingine humeza kijidudu, hukatakata protini zake, kisha huonyesha kipande kimoja juu ya ngozi yake. Seli T hupita zikikikagua, na ile tu ambayo kipokezi chake kinaoana na kipande hicho ndiyo huamka. Kati ya seli T elfu kumi, huenda isipatikane hata moja.

Superantijeni huruka ukaguzi huo. Haikatwi wala haionyeshwi: hujibana ubavuni, ikiziunganisha seli inayoonyesha na seli T kwa nje, kipande kiwe chochote kile. Upande wa seli T hushika sehemu ya kipokezi iitwayo V-beta, ambayo seli nyingi huwa nayo kwa pamoja. Hivyo badala ya seli moja moja, huamka hata moja katika kila tano.

Sumu ya aina hii inayojulikana zaidi ni TSST-1 ya bakteria stafilokokasi oreusi. Mwaka 1980 huko Marekani wanawake wengi, wengine mabinti wadogo, waliugua kwa sumu hii wakiwa hedhini, hasa waliotumia tamponi, yaani pamba za kuwekwa ukeni, zenye uwezo mkubwa wa kufyonza. Bakteria huyu huhitaji oksijeni ili atengeneze sumu hiyo, na tamponi huingiza oksijeni ukeni, mahali ambapo kwa kawaida ni haba.

Mgonjwa wa namna hii huanza na homa ya ghafla, nyuzi 38.9 au zaidi, kutapika, kuharisha na ngozi nyekundu kama iliyoungua jua. Seli T zilizoamka kwa wingi humwaga sitokini, kemikali za kuitana vitani. Kidogo husaidia, nyingi hufanya mishipa midogo ya damu ivuje. Maji ya damu hutorokea kwenye tishu, namba ya juu ya presha hushuka chini ya 90, na figo hukosa damu ya kutosha. Wiki moja au mbili baadaye ngozi ya viganja na nyayo huchubuka.

Linalowachanganya wengi ni kwamba damu ikipimwa, mara nyingi haioti bakteria yeyote. Wamebaki pale pale kwenye tamponi au kidonda. Kilichosafiri ni sumu. Ndiyo maana tiba huanza kwa kuondoa tamponi au kusafisha usaha, na dripu nyingi za kupandisha presha. Pamoja na antibiotiki ya kuua bakteria huongezwa klindamaisini, kwa sababu yenyewe huzuia bakteria kutengeneza protini, sumu ikiwemo.

Watu wazima wengi wana kingamwili dhidi ya TSST-1, hivyo huweza kubeba bakteria huyu bila shida. Wanaougua kwa kawaida hawana, na baadhi hawazipati hata baada ya kupona. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kurudi hedhi inayofuata, na aliyewahi kuugua huambiwa aachane kabisa na tamponi.