Uvimbe kichwani kwa kichanga: ukiandika "kauvimbe kadogo" hujaandika kitu

Fomu ya kumkagua mtoto mchanga toka utosini mpaka vidoleni ina mistari mingi, macho, mdomo, kifua, kitovu, nyonga, ila leo nabaki kwenye kichwa tu, maana ndo mstari tunaoujaza kizembe kuliko yote.

Watoto wengi hutoka na uvimbe kichwani na mara nyingi hauna shida. Ule wa kawaida mtoto anazaliwa nao, ni laini, ukiubonyeza kidole kinaacha shimo, unavuka maungio ya mifupa ya fuvu na ndani ya siku moja au mbili umeisha. Wa pili ni damu iliyojikusanya juu ya mfupa mmoja, huo unatokea baada ya masaa kadhaa, una mpaka kabisa, hauvuki maungio. Unakaa wiki kadhaa, hata miezi. Huo usikandwe na maji ya moto (najua bibi atataka kukanda) wala usitobolewe, andika tu ufuatilie manjano maana ile damu ikivunjika ngozi na macho vinaweza kuwa njano.

Wa tatu ndo unaoua. Damu inavujia chini ya ngozi ya kichwa na huko hakuna kinachoizuia, inasambaa mpaka kisogoni na nyuma ya masikio, ukigusa unatikisika kama mfuko wa maji, na hasa hasa ni kwa mtoto aliyevutwa na vakyumu. Mtihani ni kwamba saa ya kwanza unaweza kufanana na ule wa kawaida, kwa hiyo kinachokuokoa ni tepu na saa ya ukutani.

Kuna usiku nilipokea shifti nikakuta kichanga wa kilo 3, wa vakyumu, fomu imeandikwa "kauvimbe kadogo, kawaida", saa haijaandikwa. Bahati nzuri mzunguko wa kichwa ulikuwepo, sentimita 34, ulipimwa alipozaliwa saa nane. Saa kumi nikapima mwenyewe, 35.5. Sasa piga hesabu, kila sentimita moja inayoongezeka inakadiriwa ni kama mililita 40 za damu, kwa hiyo hapo zimeshatoka kama 60, na mtoto wa kilo 3 damu yake yote haifiki chupa ya soda, ni kama mililita 250. Robo imeshahama! Viganja vyeupe, mapigo 174 wakati kawaida hayazidi 160, masikio yameanza kusukumwa mbele.

Hapo husubiri asubuhi. Nikahakikisha vitamini K imeshachomwa, nikamfunika kifuani kwa mama asipoe, nikapiga simu hospitali wanakoongezea damu waiandae, na kwenye karatasi ya rufaa nikaandika vipimo vyote viwili na saa zake. Walipofika mtoto aliongezewa damu moja kwa moja, hakuna aliyeanza kuuliza uvimbe ulianza lini.