Je, wajua kwa nini hotuba fupi ya shukrani usiku wa tuzo za filamu hugusa kuliko ndefu?

Kwa sababu hotuba ndefu mara nyingi huwa orodha ya majina, na jina lisilofahamika halimpi msikilizaji kitu cha kushika, ilhali tendo moja likisimuliwa humpa picha.

Tarehe 29 Machi 1976, Louise Fletcher alipokea Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Baada ya kuwashukuru wenzake kwa maneno machache, aliomba radhi, akawageukia wazazi wake waliokuwa wakimtazama kwenye televisheni kule Alabama. Wote wawili walikuwa viziwi, kwa hiyo aliwaambia kwa lugha ya alama, huku akitamka kwa sauti, kwamba anawashukuru kwa kumfundisha kuwa na ndoto na kwamba sasa wanaiona ikitimia. Ukumbi mzima haukuhitaji kuwajua wazee wale ili uguswe, kwa kuwa mikono yake ilikwisha kueleza yote.

Waandaaji wa Oscar huwapa washindi takriban sekunde 45 kabla ya muziki kuanza kuwaondoa jukwaani. Tukikadiria kwamba jina moja pamoja na cheo chake huchukua sekunde mbili, majina ishirini humaliza sekunde 40, na hapo mshindi bado hajasema neno lake mwenyewe. Mwaka 2016 waandaaji walijaribu kuwapunguzia mzigo huo kwa kupitisha majina ya wanaoshukuriwa chini ya skrini, lakini wengi waliendelea kuyataja kwa mdomo. Nami siwalaumu, kwani hofu ya kumsahau mtu ni ya kweli: mwigizaji Hilary Swank alisahau kumtaja mumewe aliposhinda mwaka 2000, na aliposhinda tena mwaka 2005 akaanza na yeye.

Dawa ya hofu hiyo, kwa maoni yangu, ni kuwashukuru wengi kwa jina la kundi lao, kisha kumchagua mmoja na kutaja alichofanya. Tuchukue mfano wa mhariri wa filamu:

“Asanteni sana. Wenzangu wote wa chumba cha uhariri, tuzo hii ni yetu. Mama yangu aliuza cherehani yake ili ninunue kompyuta ya kwanza. Mama, kesho tunakwenda dukani kuchagua cherehani mpya. Asanteni.”

Hotuba hiyo ina maneno yasiyozidi thelathini na ikisomwa bila haraka haifiki nusu ya muda, jambo ambalo ni la lazima, kwa maana machozi, makofi na pumzi za mtu aliyetoka kupanda ngazi vyote hula sekunde. Anayefanya mazoezi nyumbani na kufikia sekunde 45 kamili atakatizwa jukwaani, na mara nyingi kinachokatwa ni sentensi ya mwisho, ile ya mama.