Je, wajua? Sehemu ambapo lori huipinda boriti ya daraja kuliko pengine pote

“Lori la ekseli mbili likivuka daraja dogo, boriti inapindwa zaidi ekseli nzito ikifika katikati kabisa, sivyo?”

Sivyo. Daraja lisipokuwa fupi sana, na ekseli nzito ikiwa ya nyuma, boriti inapindwa zaidi ekseli hiyo ikiwa imebakiza umbali mdogo kufika hapo, pale ambapo katikati ya daraja inagawa sawasawa umbali uliopo kati ya ekseli nzito na kitovu cha uzito wa lori zima. Kwa maneno mengine, ekseli nzito ikiwa imebakiza umbali fulani kufika katikati, kitovu cha uzito kinakuwa kimeshapita katikati kwa umbali huohuo.

Tuchukue lori lililopakia magunia ya mahindi kwenda soko la Kibaigwa, likivuka korongo la barabara ya kijiji wilayani Kongwa, ambalo miezi mingi ya mwaka ni mchanga mkavu. Daraja lake ni la boriti zilizolazwa juu ya maegemeo mawili tu, moja kila ukingo, na kati ya egemeo na egemeo ni mita 12. Kwa kuwa mzigo umekaa nyuma, ekseli ya nyuma inabeba kilonyutoni 100, ambazo ni karibu tani 10, na ya mbele inabeba kilonyutoni 50. Kati ya ekseli hizo mbili kuna mita 3.6. Ili hesabu iwe wazi, tuseme uzito wote unabebwa na boriti moja.

Uzito wa nyuma ni mara mbili ya ule wa mbele, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko mita 1.2 mbele ya ekseli ya nyuma. Nusu ya mita 1.2 ni mita 0.6. Basi lori likitoka kushoto kwenda kulia, sehemu tunayoitafuta ni pale ekseli ya nyuma ilipo mita 5.4 kutoka egemeo la kushoto, kitovu cha uzito kikiwa mita 6.6 na ekseli ya mbele ikiwa mita 9. Kitovu cha uzito kiko mita 5.4 kutoka egemeo la kulia, kwa hiyo egemeo la kushoto linasukuma juu kwa kilonyutoni 150 × 5.4 ÷ 12, yaani 67.5. Momenti ya kupinda, yaani kipimo cha jinsi mzigo unavyoipinda boriti, chini ya ekseli ya nyuma ni nguvu hiyo mara umbali wa ekseli kutoka egemeo hilo, 67.5 × 5.4, ambayo ni kilonyutoni-mita 364.5. Sasa sogeza lori mpaka ekseli ya nyuma iwe katikati kabisa: nguvu ya egemeo inashuka hadi 60, umbali unakuwa mita 6, na momenti ni 360. Imepungua.

Sababu iko katika kuzidisha huko. Lori linaposonga kwenda kulia, ekseli ya nyuma inazidi kuwa mbali na egemeo la kushoto, na hilo linaongeza momenti. Lakini wakati huohuo uzito wote unaliacha egemeo hilo na kulielemea la kulia, na hilo linaipunguza. Tukiita x umbali wa ekseli ya nyuma kutoka kushoto, momenti iliyo chini yake ni:

```
M = 150 · x · (10.8 − x) / 12
```

Namba mbili zinazozidishwa hapa, x na 10.8 − x, siku zote zinajumlika kuwa 10.8. Mtu mwenye miiba ya kuzungushia boma lenye pembe nne, ikiwa miiba hiyo haiongezeki, hupata eneo kubwa zaidi pande zote zikiwa sawa. Hapa pia zao linakuwa kubwa zaidi namba hizo mbili zikiwa sawa, yaani 5.4 na 5.4. Ile 10.8 ni urefu wa daraja ukiondoa mita 1.2 zilizopo kati ya ekseli na kitovu cha uzito, na mita hizo 1.2 ndizo zinazolihamisha jibu kutoka katikati.

Hatuna haja ya kutafuta kilele mahali pasipo na gurudumu. Kati ya gurudumu moja na jingine hakuna uzito mwingine wa lori unaoigusa boriti, kwa hiyo mchoro wa momenti hapo ni mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka hauwezi kuwa na kilele katikati yake. Kinachobaki ni kuijaribu ekseli ya mbele kwa kanuni ileile, na katika mfano wetu inatoa 288 tu.

Tofauti kati ya 364.5 na 360 ni ndogo, asilimia 1.25, na ni haki kulisema hilo. Lakini magurudumu mawili yakiwa na uzito sawa, kilonyutoni 100 kila moja kwa nafasi ileile ya mita 3.6, kilele kinakuwa 433.5 wakati gurudumu moja likiwa katikati kinapatikana 420, na tofauti imeshapita asilimia 3. Fundi wa nondo anapaswa pia kukumbuka kwamba lori hurudi. Likirudi, kilele kinakuwa mita 0.6 upande wa pili wa katikati, kwa hiyo nondo za chini ya boriti zisihesabiwe kwa nukta moja ya katikati: nguvu yake kamili inahitajika pande zote mbili, na mwisho wa nondo unapaswa kuvuka hapo kwa urefu wa kutosha kushikwa na zege.

Kosa baya zaidi linatokea kwenye madaraja mafupi, na ndilo ninaloomba wanafunzi wa ujenzi walitazame kwa makini. Chukua daraja la mita 5 na lori lilelile. Kanuni inaiweka ekseli ya nyuma kwenye mita 1.9 na ya mbele kwenye mita 5.5, ambapo imeshatoka darajani, lakini hesabu inaendelea kuitumia na kutoa 108.3. Ukweli ni kwamba ekseli ya nyuma peke yake ikiwa katikati inatoa 100 × 5 ÷ 4, yaani 125. Aliyeamini 108.3 amejenga boriti dhaifu kuliko inavyotakiwa. Kwa lori hili, ekseli moja katikati ndiyo inayotawala mpaka daraja lifikie urefu wa karibu mita 6.5, ingawa kuanzia mita 6 ekseli zote mbili tayari zinaenea darajani. Kwa hiyo hesabu zote mbili zifanywe, na kubwa ndiyo ichukuliwe.

Hesabu hizi zote ni za lori peke yake, bila mtikisiko wa mwendo na bila uzito wa daraja lenyewe. Uzito wa daraja hupinda zaidi katikati kabisa, na ukijumlishwa huvuta kilele kuelekea huko. Tuseme daraja letu la mita 12 lina uzito wa kilonyutoni 20 kwa kila mita: kilele cha jumla kinakuwa 722.5, na kinatokea mita 0.33 hivi kabla ya katikati. Anayejumlisha vilele viwili kila kimoja peke yake, 364.5 na 360, anapata 724.5, ambayo imezidi kidogo sana, tena kwa upande ulio salama, na ndiyo maana wahandisi wengi huridhika nayo.