Storibodi ya teki moja sio picha za vyumba

Kuna mtu ataniambia tena wiki hii kwamba storibodi ya video ya nyumba ameshachora, halafu akituma nakuta viboksi sita, sebule, dainingi, jiko, vyumba viwili, masta, basi. Chini ya kila kiboksi kaandika mstari wa maneno. Na video yenyewe ni ya teki moja, yaani kamera inawashwa barazani na inazimwa masta bila kukata hata mara moja, mtangazaji anatembea huku anaongea.

Maana yenyewe ni fupi. Storibodi ni michoro inayoonyesha video itaonekanaje kabla hujashika kamera, kila kiboksi fremu moja, na pembeni maelezo ya nani anafanya nini na anasema nini. Hapo wote tunaelewana.

Tatizo linaanzia kwenye kile kiboksi, kinasimamia nini. Kwenye video ya kawaida kiboksi ni shoti, ikiisha unakata unaenda kiboksi kinachofuata. Hii ilianza kwenye katuni, studio ya Walt Disney mwanzoni mwa miaka ya 1930, michoro ilikuwa inabandikwa ukutani kwa pini, na raha yake ni kwamba kipande kikikukera unakichomoa unakihamishia pengine, hadithi inapangika upya bila gharama. Sasa jaribu kuhamisha jiko lije kabla ya sebule wakati mlango wa jiko uko mwisho wa korido. Haiwezekani, fundi aliyejenga ile nyumba ndiye ameshakupangia viboksi. Kwenye teki moja shoti ni moja tu, kwahiyo kiboksi hakiwezi kuwa shoti tena, kinakuwa ni pale kamera inapobadilisha kitu: inavuka kizingiti, inageuka, inasimama, inarudi nyuma. Sebule peke yake inaweza kula viboksi vinne na chumba cha watoto kikapata kimoja. Na katikati ya kiboksi na kiboksi kuna safari, mita kadhaa za kutembea ambazo mtazamaji anaziona zote, huwezi kuzificha kwenye kuediti.

Ndo maana storibodi ya namna hii inaanzia kwenye ramani ya nyumba. Chora kuta hata kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, weka milango na inafungukia upande gani, kisha piga mstari wa njia ya kamera, na viboksi vyako vipewe namba juu ya ule mstari. Pima kwa futi kamba, usikadirie. Ukiwa na mita una sekunde, maana mtu mwenye gimbo, kile kishikio kinachotuliza kamera isitikisike, ndani ya nyumba anatembea polepole sana, hesabu nusu mita kwa sekunde, akizidisha picha inaanza kudunda na wanaoangalia kwenye simu wanasikia kizunguzungu. Na ukiwa na sekunde una maneno. Kiswahili cha mtu anayeongea bila kukimbizwa nakihesabu kama maneno 110 kwa dakika.

Chukua sebule yenye mita 6 kutoka mlangoni hadi kwenye tao la dainingi. Hizo ni sekunde 12, maneno kama 22. Mstari ulioletwa ni huu: "Karibu sebuleni, hapa panaingia kochi la L na bado watoto wanapata pa kuchezea, dirisha linaangalia mashariki kwahiyo asubuhi huhitaji taa." Maneno 20, sekunde 11, mtu anaona imeenea anaridhika. Lakini angalia ramani. Dirisha liko ukuta wa kulia, mita 2 tu kutoka mlangoni, na neno "dirisha" ni la 14, linatamkwa baada ya sekunde 7, kamera ishatembea mita tatu na nusu. Mtangazaji anasifia dirisha ambalo liko nyuma ya kisogo cha kameramani, huku mtazamaji anaangalia kochi. Maneno ni yaleyale, muda ni uleule, ila vitu havijakutana. Dawa ni kugeuza tu, anza na dirisha likiwa bado mbele, kochi lije baadae maana lipo kule karibu na tao. Hiki ndicho kinachopotea ukiandika mstari mmoja chini ya picha moja ya sebule. Sekunde za chumba zinaweza kutosha na bado ukakosea, kinachopangwa ni neno gani linaangukia hatua gani, na lile neno lipigie mstari kwenye kiboksi ili mtangazaji ajue hapo hana uhuru, kwingine anaweza kubadili maneno apendavyo.

Kitu kingine ni kuchelewa. Mtangazaji akichelewa sekunde 2 kila chumba, akimaliza chumba cha tano ana deni la sekunde 10, atakuwa masta anaongelea korido. Kwenye video ya kukata kata deni linafutwa kila ukikata, hapa linabebwa mpaka mwisho. Kwahiyo korido usiijaze maneno ya lazima, weka sentensi ya kuvutika, kitu kama "vyumba vyote vinafungukia hapa", ambayo akiwa amechelewa anairuka, akiwa amewahi anaongezea na habari za marumaru. Iandike hivyohivyo kwenye kiboksi, kwamba hii inarukika.

Halafu kuna jiko. Majiko mengi yetu ni mfuko, unaingia mlango huohuo unatoka huohuo, na watu wawili wakiingia na gimbo hakuna wa kupisha mwenzake. Ramani inakuonyesha hili mapema, viboksi vya picha nzuri havikuonyeshi. Kamera isimame mlangoni, mtangazaji aingie peke yake, asemee kwenye sinki, kisha atoke akiijia kamera wakati kameramani anarudi kinyumenyume koridoni huku mtu amemshika mgongoni. Hivyo ni viboksi vitatu kwa chumba cha mita mbili na nusu, na kama kuna mtu ambaye hajaambiwa ajibane wapi, kioo cha chooni mbele kidogo kitamuonyesha akiwa na waya mikononi.

Mwanga nao unaandikwa humohumo. Kutoka barazani kwenye jua kuingia sebuleni, simu ikiwa kwenye auto picha inakuwa nyeusi kwa muda halafu inapanda ghafla, na huwezi kukata. Wengi wanafunga eksposha, yaani kiwango cha mwanga wa picha, kwa kipimo cha ndani na kukubali baraza iungue kwa weupe kidogo, au wanaanzia ndani ya mlango kabisa.

Ukishamaliza, pita njia nzima na simu mkononi ukisoma mistari kwa sauti, kwa mwendo ule wa gimbo, hata bila kurekodi vizuri. Kusoma ukiwa umekaa kwenye kiti hakuhesabiki, mtu aliyekaa anasoma haraka kuliko anayetembea akiangalia asijikwae kwenye zulia.

Kama sauti utaiweka baadae studio, sawa, hapo una nafasi ya kuvuta na kubana, ila kamera haitavutika, mita 6 zitabaki mita 6.

Sasa vile viboksi sita vya vyumba sisemi vitupwe. Ni orodha ya vyumba yenye picha, tunaihitaji siku ya kupanga fanicha na kumuuliza mwenye nyumba chumba gani kimefungwa. Ila ukiniambia storibodi imekamilika nitakuuliza ramani iko wapi na neno "dirisha" linatoka sekunde ya ngapi, na kama hujui bado, chukua futi kamba tu, sebule haichukui muda.