Soko la makaa ya vifuu Mombasa: hesabu inayokubali kukaguliwa

Kikundi kinachotengeneza makaa ya vifuu vya nazi kiliwahi kuniletea andiko la mkopo lenye sentensi moja kuhusu soko: wakazi wa Mombasa ni zaidi ya milioni moja, wengi hupikia makaa, na sisi tutachukua asilimia moja tu. Afisa wa mikopo hakuwa na la kukubali wala la kukataa. Hakukuwa na namba hata moja ya kuishika na kuuliza, "Hii umeitoa wapi?" Tuliijenga upya hesabu hiyo, na hapa naipitia hatua kwa hatua. Namba za sensa ni za kweli. Zile ninazoziita dhana nimeziweka ili njia ionekane, na kila mmoja atazibadilisha kwa vipimo vyake.

Msingi ni idadi ya kaya, kwa sababu jiko huwashwa kwa ajili ya kaya nzima, si kwa kila mtu peke yake. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa, na kaya 378,422. Hapa pana kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya miaka ya nyuma: nilichukua idadi ya watu nikagawanya kwa 3.9, wastani wa ukubwa wa kaya kwa Kenya nzima. Ukifanya hivyo unapata kaya kama 309,800, yaani kaya 68,600 zimepotea bila mtu kugundua. Mombasa ina wapangaji wengi wa chumba kimoja, na kaya zake ni ndogo kuliko za mashambani. Kwa hiyo andika idadi ya kaya, mwaka wa sensa na jina la kaunti, msomaji aweze kuifungua ripoti na kuiona. Ukitaka kuipandisha ifike mwaka huu, ongezeko lipe mstari wake. Usilifiche ndani ya namba ya sensa.

Hatua ya pili ndiyo yenye mabishano: kaya ngapi zinatumia makaa? Sensa huuliza nishati ambayo kaya huitumia zaidi kupikia. Mtu mwenye mtungi wa gesi atajibu gesi, na atakuwa amesema kweli. Lakini ingia jikoni kwake. Seredani ipo pembeni, na maharagwe hayachemshwi kwa gesi yakamaliza mtungi. Wali wa nazi ukikaribia kuiva hupaliwa makaa juu ya kifuniko. Kaya hiyo ni mnunuzi, ila haionekani kwenye jibu la sensa. Ndiyo maana nagawa makundi mawili: kaya zinazopikia makaa kila siku, na kaya zinazowasha seredani mara mbili kwa wiki. Dhana yangu ni asilimia 20 kwa kundi la kwanza na 30 kwa la pili. Ukiyachanganya ukasema tu "nusu ya kaya hutumia makaa", utakuwa umempa mwenye gesi matumizi ya mtu asiye na gesi.

Halafu kilo. Makaa ya rejareja hayauzwi kwa kilo bali kwa mkebe, na mkebe mmoja hautoshani na mwingine. Makaa ya mti mgumu ni mazito, ya mti laini hujaza mkebe yakiwa mepesi, na muuzaji mmoja hurundika juu huku mwingine akisawazisha. Chukua mizani, nunua mkebe mmoja mmoja kwa wauzaji kumi wa mitaa tofauti, upime na uandike uzito wa kila mmoja. Wastani peke yake hautoshi. Onyesha mwepesi kabisa na mzito kabisa. Hapo ndipo unapoweza kumuuliza mama wa nyumba swali analoweza kulijibu, "Unamaliza mikebe mingapi kwa wiki?", kisha wewe ukageuza kuwa kilo. Dhana yangu ni kilo 1.2 kwa siku kwa kundi la kwanza, na kilo 1 kila siku ya kuwasha kwa kundi la pili, yaani siku 104 kwa mwaka.

Kwenye jedwali la kompyuta kila namba hukaa kwenye kisanduku chake. B2 ni kaya, B3 na B4 ni sehemu za makundi mawili, B5 na B6 ni kilo:

```
B7  =B2*B3*B5*365/1000
B8  =B2*B4*B6*104/1000
B9  =B7+B8
```

B7 inatoa tani 33,150 na B8 tani 11,800, jumla karibu 45,000 kwa mwaka. Kwa dhana ya shilingi 80 kwa kilo, hizo ni shilingi bilioni 3.6. Pembeni ya kila kisanduku naweka maelezo mafupi: namba imetoka wapi, ilipimwa lini, chini kabisa inaweza kuwa ngapi na juu kabisa ngapi.

Hizo chini na juu si pambo. Badilisha namba moja huku nyingine zimetulia. Kundi la kila siku likiwa asilimia 15, jumla inashuka hadi tani 36,700. Likiwa 25, inapanda hadi 53,200. Kilo za kila siku zikiwa 0.8, unapata 33,900, zikiwa 1.6, unapata 56,000. Kwa hiyo kilo ndizo zinazoitikisa hesabu zaidi, na kama una siku moja tu ya kazi ya mtaani, itumie na mizani.

Kisha nenda upande wa pili, wa makaa yanayoingia mjini. Tani 45,000 kwa mwaka ni tani 123 kwa siku. Gunia likiwa na kilo 40, hayo ni magunia 3,100 hivi, na lori likibeba magunia 200, ni malori kama 15 kila siku kutoka barabara ya Malindi, ya Nairobi na upande wa Likoni. Zungumza na wapakuzi na wauzaji wa jumla. Wakikuambia malori ni matatu, kuna kitu hakijakaa sawa, ama kwenye kilo zako ama kwenye hesabu yao, kwani shehena nyingine hupita usiku na nyingine hubebwa kwa pikipiki. Ukaguzi huu una nguvu kwa sababu hautumii kaya wala mkebe hata kidogo.

Sasa ile "asilimia moja tu". Asilimia moja ya tani 45,000 ni tani 450. Tulipoanza kuhesabu kutoka chini, tukaweka maduka 40, kila moja likiuza mifuko 15 ya kilo mbili kwa wiki. Hiyo ni mifuko 31,200 kwa mwaka, au tani 62. Asilimia moja iliyoonekana ya unyenyekevu ilikuwa mara saba ya kile ambacho maduka hayo yangeuza. Ili kuifikia wangehitaji maduka karibu 290, na hakuna mahali katika andiko palipotaja nani angeyapelekea mzigo.

Tuliandika tani 62, tukaambatanisha orodha ya maduka. Afisa alizungusha kalamu kwenye mifuko 15 kwa wiki akaomba rekodi ya mauzo ya maduka matano kwa mwezi mmoja.