Asilimia 30 ya samaki wa Ziwa Tanganyika inatoka wapi? Namna ninavyosoma orodha ya marejeo

Mimi ni mkutubi hapa Kigoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasomea watafiti na wanafunzi wa uzamili rasimu zao kabla hazijapelekwa kwa msimamizi au kwa jarida. Wengi hudhani kwamba mkutubi akipewa orodha ya marejeo hukagua nukta, mkato na herufi za mlalo. Hayo nayafanya, lakini mwishoni, kwa kuwa orodha inaweza kupangwa bila kosa hata moja na bado ikawa inamficha msomaji jambo. Leo nitachukua dai moja tu, ambalo kila anayeandika juu ya ziwa letu hukutana nalo, nionyeshe namna ninavyolikagua kupitia marejeo yake.

Dai lenyewe huandikwa hivi: ongezeko la joto duniani limepunguza samaki wa Ziwa Tanganyika kwa asilimia 30. Baada ya sentensi hiyo hufuata mabano yaliyojaa majina na miaka. Kwa mafunzo ninayoyaendesha nimetunga rasimu ya mfano yenye marejeo 48, na katika sentensi hiyo nimeweka manane kwa mpigo. Kati ya hayo, manne ni makala halisi na mashuhuri: ya O'Reilly na wenzake katika jarida la Nature mwaka 2003, ya Verburg na wenzake katika Science mwaka huohuo, ya Tierney na wenzake katika Nature Geoscience mwaka 2010, na ya Cohen na wenzake katika PNAS mwaka 2016. Manne yaliyosalia nimeyabuni: mawili ni makala za mapitio na mawili ni kazi za awali za mwandishi mwenyewe wa rasimu.

Siianzii orodha kutoka juu kwenda chini. Ninaanzia kwenye sentensi, kisha nauliza kila rejeo limebeba kipi hasa katika sentensi ile. Hapa kuna mambo mawili, yaani sababu, ambayo ni joto, na kiasi, ambacho ni asilimia 30. Ukiifungua makala ya Verburg utakuta vipimo vya joto la maji, jinsi tabaka za maji zilivyozidi kutochanganyika, na mabadiliko ya viumbe wadogo wanaoelea; kiasi cha samaki waliovuliwa si hoja yake. Tierney na wenzake walitumia tope la chini ya ziwa kukadiria joto la karne nyingi zilizopita na kulilinganisha na uzalishaji wa ziwa. Cohen na wenzake walichunguza mabaki ya samaki na konokono ndani ya tope. Zote ni kazi zinazohusiana na sababu. Asilimia 30 inabaki kwa O'Reilly peke yake, na hata huko haikupatikana kwa kuhesabu samaki. Watafiti hao walikadiria, kwa kutumia kaboni iliyohifadhiwa katika tope, kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini huenda umeshuka kwa takriban asilimia 20, na kutokana na hilo wakakisia kwamba mavuno ya samaki yangeshuka kwa takriban asilimia 30. Ni kisio lililojengwa juu ya kadirio, na wao waliliandika kwa tahadhari hiyo. Tahadhari imepotea njiani.

Nayo njia yenyewe huonekana ukiyafungua yale manne yaliyosalia. Katika zoezi langu, mapitio yote mawili yanaitaja asilimia 30 na kumrejelea O'Reilly. Kazi moja ya mwandishi inarejelea mapitio ya kwanza, na nyingine inairejelea hiyo kazi yake. Kwa hiyo msomaji anaona mashahidi wanane wa namba hiyo, ilhali aliyeisema ni mmoja, watatu wanazungumzia sababu tu, na wanne waliosalia wamemsikia yeye, au wamemsikia aliyemsikia. Hii ndiyo aina ya kujaza marejeo ninayoiona kuwa na madhara zaidi, kwa sababu haitokani na marejeo yasiyohusika. Kila moja linahusika, ila hayaongezi ushahidi.

Aina nyepesi zaidi hutambulika kwa macho tu. Sentensi kwamba Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, lenye takriban mita 1,470, haihitaji marejeo sita, kwani hakuna anayebisha. Vilevile naitafuta kila ingizo la orodha ndani ya matini: lisiloonekana popote ni pambo, na linaloonekana mara moja tu katika utangulizi, ndani ya fungu kubwa, ninalitilia shaka mpaka nilifungue. Nikikuta kosa lilelile la mwaka au la ukurasa limo pia katika orodha ya makala nyingine, huwa naelewa kwamba rejeo limenakiliwa bila kusomwa.

Kuhusu kujirejelea, watu hupenda waambiwe kiwango: ni asilimia ngapi ni nyingi mno? Siwapi, kwa sababu hesabu hiyo pekee hupotosha, hasa kwetu. Wanaopima Ziwa Tanganyika mwaka hadi mwaka ni wachache, na mtafiti aliyekaa na vyombo vyake hapa kwa miongo miwili hana budi kujirejelea, la sivyo atakuwa anaficha chanzo cha takwimu zake. Katika rasimu ya mfano, marejeo 11 kati ya 48 yana jina la mwandishi au la mwandishi mwenza wake. (Mwenza naye huhesabiwa, wengi hulisahau hilo na kuhesabu jina la kwanza tu.) Hiyo ni karibu asilimia 23, na bado sijasema lolote. Nayagawa kwa kazi yanayofanya: manne yanaeleza mbinu za kuchukua sampuli, mawili yanaeleza eneo la utafiti, na matano yanatumika kama ushahidi wa dai. Yale sita ya mwanzo nayaacha kwa amani. Matano ndiyo nayafungua sehemu ya mbinu, nikilinganisha majina ya vituo vya kupimia, miezi ya kuchukua sampuli na idadi ya sampuli. Nimeitunga rasimu hiyo ili matatu kati ya matano yawe na vituo vilevile, miezi ileile na idadi ileile, maana takwimu moja imegawanywa ikatoka katika makala tatu. Kisha nayafuta yote matano kwa penseli na kuisoma aya upya. Aya ikiendelea kusimama, kujirejelea kulikuwa ni mazoea. Ikianguka, mwandishi alikuwa anajishuhudia mwenyewe.

Hapa inafaa kurudi kwenye yale manne mashuhuri, kwani uhuru wa vyanzo hauishii kwa mwandishi wa rasimu. Tazama orodha kamili ya waandishi, si jina la kwanza: Andrew Cohen ni mwandishi mwenza katika makala ya 2003 ya O'Reilly na ya 2010 ya Tierney, na ni mwandishi wa kwanza wa ile ya 2016. Hilo si kosa hata kidogo; zimetumia ushahidi wa aina tofauti, na mtaalamu wa tope la ziwa hili lazima atakutwa katika kazi nyingi juu ya tope hilo. Ila anayeandika kwamba "makundi manne ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yamethibitisha" atakuwa amezidisha chumvi.

Linabaki swali gumu kuliko yote, yaani kilichokosekana. Orodha haiwezi kukuambia kwa mdomo wake imemwacha nani. Njia yangu ni kwenda mbele kwa wakati: naifungua makala ya O'Reilly ya 2003 katika Google Scholar, nabonyeza "Cited by", naweka alama kwenye "Search within citing articles", kisha natafuta maneno ya upande wa pili, yaani uvuvi wenyewe:

```
catches "fishery practices"
```

Ninayoitafuta ni makala ya Sarvala na wenzake ya mwaka 2006, ambayo kichwa chake tu kinatangaza msimamo: kwamba mavuno ya samaki wa Tanganyika yanaakisi zaidi mabadiliko katika shughuli za uvuvi kuliko tabianchi. Ilichapishwa katika mfululizo wa machapisho ya chama cha kimataifa cha wanalimnolojia, si katika Nature wala Science, na ndiyo maana mwanafunzi anayetafuta kwa haraka huikosa bila kukusudia. Nyaraka za mradi wa utafiti wa Ziwa Tanganyika ulioanza mwaka 1992 chini ya FAO kwa ufadhili wa Finland nazo hazipatikani kwa urahisi. Mara nyingi huzipata ukiandika namba ya mradi, GCP/RAF/271/FIN, badala ya mada.

Ikiwa Sarvala hayumo katika rasimu iliyoandikwa baada ya 2006 na inayozungumzia sababu ya kupungua kwa samaki, naandika pembeni kwamba vyanzo vimeegemea upande mmoja. Ikiwa yumo, bado sijamaliza, kwani nimewahi kumkuta ndani ya fungu la marejeo saba yanayounga mkono kwamba joto ndilo lililopunguza samaki, yaani amelazimishwa kusema asichosema. Na mizani hiyo hupima pande zote mbili. Makala ya Cohen ya 2016 inaonyesha kwamba mabaki ya samaki katika tope yalianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara kushamiri katikati ya karne ya 20, na hilo linaigusa moja kwa moja hoja ya kwamba uvuvi peke yake unatosha kueleza yote. Anayeandika leo akamtaja Sarvala na kumwacha Cohen ameegemea vilevile. Tangu ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, Mei hadi Agosti 2024, rasimu za namna hii nazo zimeanza kunifikia, maana aliyekwisha kuamini kwamba tatizo ni nyavu huona upande wa tabianchi kuwa ni kisingizio.

Yapo mambo yanayonizuia nisihukumu upesi. Makala ya 2004 haiwezi kulaumiwa kwa kuiacha ya 2006. Baadhi ya majarida huweka kikomo cha idadi ya marejeo, na mwandishi akalazimika kuyapeleka mengine katika kiambatisho cha mtandaoni; ni lazima ukifungue. Tena orodha iliyoegemea upande mmoja haithibitishi kwamba dai ni la uongo, bali kwamba msomaji hakupewa vya kupimia.

Kwa hiyo maoni ninayomrudishia mwandishi hayamtuhumu. Kwa rasimu ile ya mfano naandika: "Asilimia 30 ni kisio la O'Reilly na wenzake (2003), tafadhali liite kisio, libakize rejeo hilo moja kwa namba hiyo, na uhamishe Verburg, Tierney na Cohen kwenye sentensi ya sababu. Ondoa mapitio mawili na kazi zako mbili hapa, kwa kuwa zinarudia namba ileile. Ongeza Sarvala na wenzake (2006), kisha ueleze kwa sentensi mbili ni kwa nini hukubaliani nao, kama hukubaliani."