Ukuta mnene kwa macho siyo presha kubwa, jamani

Hii ya "bomba la inchi nne ukuta wake umezidi wa inchi mbili, kwa hiyo ni imara zaidi" nimeisikia mpaka nimechoka, na juzi nimeletewa tena na mzee mmoja wa kamati ya maji huku upande wa Kongwa, Dodoma. Wana laini ya plastiki ya HDPE ya milimita 63, yaani ile ya inchi mbili, daraja la plastiki PE100, PN10 maana yake la kubeba baa 10, ukuta milimita 3.8, inapandisha maji kutoka kisimani mpaka tanki lililo mita 75 juu ya pampu na haijawahi kuwasumbua. Sasa kijiji kimekua, wanataka la 110, yaani la inchi nne, na kuna muuzaji amewapa bei nzuri ya bomba lenye ukuta wa 4.2. "Injinia, si unaona tumeongeza unene?"

Hapana mzee wangu, hapo mmepunguza nguvu.

Ukilichana bomba katikati kwa urefu wake utaelewa, maji yanasukuma yale mapande mawili yaachane, na nguvu ya kusukuma ni presha mara upana wa ndani, yaani kipenyo kikikua nguvu inakua nacho hata kama presha ni ile ile. Kinachozuia ni kuta mbili tu, moja kila upande. Basi hesabu yote inatoka hapo, ila upana unahesabiwa kutoka katikati ya ukuta mmoja mpaka katikati ya wa pili:

```
t = P × D / (2 × σ + P)
```

t ni unene, D kipenyo cha nje, P presha, σ mkazo unaoruhusiwa. PE100 nguvu yake ya muda mrefu ni MPa 10, ukigawa kwa 1.25 ya usalama unabaki na 8. Weka presha ya baa 10, ambayo ni MPa 1: bomba la 63 linadai 63 gawa kwa 17, yaani 3.7, ndiyo maana kiwandani wanatoa 3.8. La 110 linadai 6.5, sokoni utapata 6.6. Hiyo 4.2 ya kwao ni SDR 26, yaani kipenyo cha nje ni kama mara 26 ya ukuta, PN6 basi, na mita 75 za maji ni kama baa 7.4 kabla hujaongeza msuguano wa kwenye laini wala kishindo cha maji umeme ukikatika ghafla.

Halafu wanasema "tutalijaribu, likikaa siku mbili bila kuvuja tunafukia". Plastiki haipasuki siku hiyo! Kwa baa 7.4 ukuta wa 4.2 unabeba mkazo wa MPa 9.3 hivi, unazidi 8 ya kuruhusiwa ila hauifiki 10, kwa hiyo linasimama, linatanuka polepole, ufa unakua ndani kwa ndani, na baadaye linachanika kwa urefu, kamstari kembamba kanakofuata bomba. Ukiona mpasuko wa namna hiyo mahali ambapo hapana jiwe wala jembe, pima ukuta kabla ya kumlaumu fundi.

Na jua la Dodoma mnalisahau. Zile PN zilizoandikwa ni za nyuzi joto 20. Kwa nyuzi 30 unazidisha kwa 0.87, kwa 40 ni 0.74, maana yake hata PN10 halali iliyoachwa juu ya ardhi inapigwa jua ikifika nyuzi 40 inabaki na baa 7.4, sawasawa na kimo chao, akiba hakuna. Mimi kwenye hili sibembelezi mtu, mtaro uchimbwe, bomba lifukiwe.

Wengine wananiuliza kuhusu tanki, eti wakiweka la lita 50,000 badala ya 5,000 bomba litazidiwa uzito. Presha haijui lita, inajua kimo cha maji tu.

Kuna na wale wa chuma wanaosema fomula inadanganya. Chukua bomba la chuma la inchi nne, kipenyo cha nje 114.3, mkazo wa kuruhusiwa tuseme MPa 120, presha baa 10 zile zile: jibu haliifiki hata nusu milimita, wakati dukani lile la daraja la kati lina 4.5. Fomula haijadanganya, imekupa unene wa kubeba presha peke yake. Juu yake unaongeza kutu, hasa kama maji ya kisima yana chumvi, unaongeza kina cha nyuzi za skurubu ukilikata mdomoni ili kuunganisha, unaongeza upungufu wa kiwandani ambao kwa mabomba mengi unaruhusiwa mpaka asilimia 12.5, na bomba lenyewe lisibonyee likishushwa kwenye lori. Kwenye chuma kutu ndiyo inaamua unene, kwenye plastiki ni presha na joto.

Yule mzee nimemwambia aende dukani na kalipa, apime ukuta sehemu nne kuzunguka mdomo wa bomba, achukue ile ndogo kuliko zote, na pungufu ya 6.6 asipokee.